Jinsi ya kufupisha makala ya jarida la sheria bila kugeuza pendekezo la mwandishi kuwa sheria

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa sheria, msaidizi wa kisheria au karani wa wakili aliyepewa makala ya kurasa thelathini na kuambiwa, "Nifupishie, nataka kurasa mbili." Maswali yanayoletwa na wanaoanza hayabadiliki: niandike nini, niache nini, na kwa nini muhtasari wangu umerudishwa ukiwa na maneno "nani kasema?" pembeni ya kila aya?

Hilo swali la mwisho ndilo nitakalolishughulikia. Kupunguza maneno si kazi ngumu. Kazi iko kwenye kumwonyesha msomaji wako kipi ni sheria ambayo wakili anaweza kusimama nayo mahakamani leo, na kipi ni maoni ya mwandishi kuhusu sheria anavyotamani iwe. Ukivichanganya, mtu atamshauri mteja kwa kutegemea kitu ambacho hakuna mahakama imewahi kukisema.

Mfano nitakaoutumia ni swali la mgawanyo wa mali ya ndoa Tanzania Bara: mke aliyekuwa akitunza nyumba na watoto, asiye na mshahara, anapata nini ndoa ikivunjika? Nimeuchagua kwa sababu sheria yake inasomeka kwa urahisi, ina uamuzi mmoja mashuhuri wa Mahakama ya Rufani, na watu wengi wanaunukuu uamuzi huo vibaya.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

Makala yenyewe nzima, pamoja na tanbihi zake. Ikisiri peke yake haitoshi, na makala iliyokatwa tanbihi haikufai kabisa kwa kazi hii.

Sheria inayojadiliwa, katika toleo linalotumika sasa. Kwa mfano wetu ni Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29. Sheria za Tanzania zimetolewa upya katika matoleo ya 2002, 2019 na 2023, kwa hiyo hakikisha namba ya kifungu anayoitaja mwandishi bado inaelekeza kwenye maneno yaleyale. Hapa nitafuata namba za toleo la 2019.

Hukumu mbili au tatu ambazo mwandishi anazitegemea zaidi. Nyingi zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Kalamu za rangi tatu, au jedwali lenye safu tatu kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Andika swali la kisheria kwa sentensi moja, na uandike tarehe mbili

Kabla ya kusoma mwili wa makala, soma ikisiri, utangulizi na hitimisho. Kisha andika swali kwa maneno yako. Kwetu sisi: "Je, kazi za nyumbani zinampa mwenzi asiye na kipato haki ya kupata sehemu ya mali iliyopatikana wakati wa ndoa, na kama ndiyo, sehemu kiasi gani?"

Utaona hapo kuna maswali mawili. La kwanza ni kama anapata. La pili ni anapata kiasi gani. Yatenganishe mapema, kwa sababu mara nyingi sheria imetulia kwenye moja, na mwandishi anasukuma hoja yake kwenye lile jingine.

Chini ya swali andika mwaka makala ilipochapishwa na tarehe ya leo. Kila kitu kilichotokea kati ya tarehe hizo mbili mwandishi hakukijua, na ni wajibu wako kukitafuta.

Hatua ya 2: Jenga sakafu ya sheria mwenyewe, nje ya makala

Wanaoanza huiruka hatua hii, halafu wanashangaa kwa nini hawawezi kutofautisha. Huwezi kujua mwandishi ameiacha sheria wapi kama hujui sheria inaishia wapi.

Fungua kifungu chenyewe. Kifungu cha 114(1) kinaipa mahakama, inapotoa talaka au amri ya kutengana, mamlaka ya kugawa mali ambazo wanandoa walizipata wakati wa ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Kifungu kidogo cha (2) kinaitaka mahakama izingatie mila za jamii ya wahusika, kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya kuyazingatia hayo, na kwa kutegemea hayo, mahakama ielekee kwenye usawa wa mgawanyo. Ushike vizuri mpangilio huo wa maneno, tutaurudia.

Kisha fungua hukumu. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa 1983 na kuripotiwa kama [1983] TLR 32, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuta majaji wa Mahakama Kuu wamegawanyika. Baadhi walisema kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu, hazihesabiki. Wengine walisema zinahesabika. Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba "juhudi za pamoja" na "kazi" vinajumuisha kazi za nyumbani.

Watu wengi huishia hapo. Endelea hadi ukurasa wa mwisho wa hukumu ile. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake. Mumewe alikuwa amempa fedha wakati wa ndoa, na Mahakama iliona kwamba amezitumia vibaya na hivyo hana fungu jingine la kudai katika nyumba iliyobishaniwa. Kwa hiyo uamuzi huo unasema kazi za nyumbani ni mchango. Hausemi mchango huo una thamani ya nusu, wala robo, wala kiwango kingine chochote.

Baadaye, katika Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, Rufani ya Madai Na. 102 ya 2018, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa kiasi cha mchango ni suala la ushahidi katika kila shauri.

Sakafu yetu basi ni mistari mitatu: kifungu kinataka mchango uangaliwe, kazi za nyumbani ni mchango, na kiasi chake kinathibitishwa kwa ushahidi. Iandike kwenye karatasi na uiweke mbele yako unaposoma.

Hatua ya 3: Soma makala ukiuliza kila sentensi, "Nani anasema?"

Chukua rangi tatu. Kijani ni sheria iliyotulia: maneno ya kifungu, au uamuzi wa Mahakama ya Rufani juu ya jambo lililokuwa lazima liamuliwe. Njano ni jambo lililo wazi bado: majaji wa Mahakama Kuu wanapingana, au Mahakama ya Rufani imeligusia tu pembeni bila kulazimika kuliamua. Nyekundu ni sauti ya mwandishi, yaani tafsiri yake, lawama yake, pendekezo lake.

Kumbuka ngazi za mahakama unapopaka rangi. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani unazifunga mahakama zote zilizo chini yake. Uamuzi wa jaji mmoja wa Mahakama Kuu haumfungi jaji mwenzake. Unaweza kumshawishi tu. Uamuzi wa Kenya au Uingereza nao unashawishi, haufungi. Ripoti ya Tume ya Kurekebisha Sheria, hata iwe nzuri namna gani, ni pendekezo mpaka Bunge lilifanyie kazi.

Tuingie kwenye mfano. Aya hii nimeitunga kwa ajili ya zoezi, lakini mtu aliyesoma makala za sheria ya ndoa ataitambua sura yake. Nimezipa sentensi namba:

> (1) Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja. (2) Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango. (3) Kwa hiyo mke asiye na kipato anastahili nusu ya mali ya ndoa. (4) Hata hivyo mahakama zimeendelea kuwapa wanawake hao sehemu ndogo, kinyume na maana halisi ya sheria. (5) Kwa tafsiri sahihi, kifungu kidogo cha (2) kinataka mgawanyo uanzie nusu kwa nusu, na anayedai zaidi ndiye athibitishe. (6) Bunge lirekebishe kifungu hicho ili mahakama zisiendelee kupotoka.

Sentensi ya (1) ni kijani, umeshakisoma kifungu. Ya (2) ni kijani, umeshaisoma hukumu.

Ya (3) ndiyo inayonasa watu. Imesimama nyuma ya sentensi mbili za kweli na inaanza na "kwa hiyo," kwa hiyo jicho linaipitisha. Lakini Bi Hawa hakupewa nusu, na kifungu hakitaji nusu. Hapo mwandishi ametoka kwenye swali la kwanza (anapata?) akaingia kwenye la pili (kiasi gani?) bila kukuaga. Paka nyekundu.

Ya (4) ina vitu viwili vilivyoshonwa pamoja. "Mahakama zimeendelea kutoa sehemu ndogo" ni dai la ukweli, na linahitaji ushahidi. Shuka kwenye tanbihi: ametaja hukumu ngapi, za mahakama ipi, za miaka gani? Akitaja mbili, andika mbili. "Kinyume na maana halisi ya sheria" ni lawama, nyekundu.

Ya (5) ni pendekezo lililovaa nguo za tafsiri. Haisemi "ingefaa", inasema "kwa tafsiri sahihi." Rudi kwenye sakafu yako. Kifungu kinaanza na mambo ya kuzingatia, ndipo usawa unafuata kwa kutegemea mambo hayo. Mwandishi ameugeuza mpangilio: usawa umetangulia, na mchango umekuwa kitu cha kumwondoa mtu kwenye usawa. Amehamisha pia mzigo wa kuthibitisha. Huenda hoja yake ni nzuri sana, na mimi binafsi naona ina uzito, kwa sababu kupima kazi ya kulea watoto kwa risiti ni jambo gumu mno. Lakini si sheria. Nyekundu.

Ya (6) ni nyekundu isiyojificha, na inakupa zawadi: inaifichua ya (5). Kama kifungu tayari kinaanzia nusu kwa nusu, Bunge linaombwa lirekebishe nini? Mwandishi anaweza kujibu kwamba anataka tu jambo liwekwe bayana, na hilo lisome kwa haki. Hata hivyo, kila ukiona makala inayosema "sheria inasema hivi" mwanzoni na "sheria irekebishwe iseme hivi" mwishoni, rudi ukakague sentensi ya mwanzo.

Hatua ya 4: Kagua tanbihi za sentensi zenye kijani

Si lazima ukague tanbihi zote. Kagua zile zinazoshikilia kijani, maana hizo ndizo msomaji wako atakazozitegemea. Angalia mambo matatu. Je, tanbihi inataja ukurasa au aya ya hukumu, au jina la shauri tu? Jina tupu mara nyingi linamaanisha kwamba jambo hilo haliko wazi kwenye hukumu. Je, inasema "tazama" au "linganisha"? "Linganisha" ni namna ya kukiri kwamba chanzo hakisemi moja kwa moja. Na je, inakupeleka kwenye hukumu, au kwenye makala nyingine, pengine ya mwandishi huyohuyo? Makala inayotegemea makala haizai sheria, hata mnyororo uwe mrefu.

Sentensi ikikosa nguzo hapa, ibadilishe rangi. Ndiyo sababu nashauri jedwali la kompyuta kuliko wino.

Hatua ya 5: Andika muhtasari kwa sehemu zilizotengana, na kila sentensi iwe na mwenyewe

Usifuate mpangilio wa makala. Mwandishi aliupanga ili akushawishi. Wewe unapanga ili msomaji ajue. Anza na swali, fuata sheria ilivyo, kisha yaliyo wazi, kisha hoja na mapendekezo ya mwandishi, mwisho yaliyotokea baada ya makala.

Kwenye sehemu ya sheria, mwenye sentensi ni kifungu au mahakama: "Kifungu kinataka…", "Mahakama ya Rufani iliamua…". Kwenye sehemu ya mapendekezo, mwenye sentensi ni mwandishi, kila mara: "Mwandishi anaona…", "anapendekeza…", "anamlaumu…". Usichoke kurudia. Ukiandika mara moja tu mwanzoni mwa aya kisha ukaendelea sentensi nne bila kumtaja, msomaji anayepitia haraka ataichukua ya tatu kama sheria.

Kwa aya yetu ya mfano, muhtasari utakuwa hivi:

> Swali. Mwenzi aliyefanya kazi za nyumbani bila kipato anapata sehemu gani ya mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, Sura ya 29?
>
> Sheria ilivyo. Kifungu kinaruhusu kugawa mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja na kutaka kiasi cha mchango kizingatiwe, huku mahakama ikielekea kwenye usawa kwa kutegemea vigezo vilivyotajwa. Mahakama ya Rufani iliamua katika Bi Hawa Mohamed (1983) kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Haikuweka kiwango, na rufaa ya Bi Hawa haikufaulu. Katika Gabriel Nimrod Kurwijila ilieleza kuwa kiasi cha mchango ni suala la ushahidi.
>
> Hoja ya mwandishi. Mwandishi anaona mwenzi huyo anastahili nusu. Anajenga hoja hiyo kwa kusoma maneno kuhusu usawa kama mahali pa kuanzia, na anataka anayedai zaidi ya nusu ndiye athibitishe. Hakutaja uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliokubali usomaji huo. Anazilaumu mahakama kwa kutoa sehemu ndogo, na analitaka Bunge lirekebishe kifungu.

Sentensi ya "hakutaja uamuzi…" ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Inamwambia wakili kwamba akisimama na hoja hii, anasimama akiomba mahakama ikubali jambo jipya. Si aibu kufanya hivyo. Lazima tu ajue. Iandike pale tu ambapo umekagua makala nzima pamoja na tanbihi.

Hatua ya 6: Mpe mtu mwingine muhtasari, si makala

Mwombe apige mstari chini ya kila sentensi ambayo angethubutu kumwambia mteja kuwa ni sheria. Akipiga mstari chini ya sentensi yenye nyekundu, kosa liko kwenye uandishi wako, hata kama neno "mwandishi" limo mahali fulani kwenye aya. Andika upya sentensi hiyo hiyo, usimweleze kwa mdomo.

Makosa yanayojirudia sana

Kuhamisha lugha ya hukumu kwenye pendekezo. Makala inasema "mahakama zinapaswa kutambua," mwanafunzi anaandika "mahakama zinatambua." Silabi chache zimeondoka, na sheria mpya imezaliwa. Hatari ni kubwa zaidi pale makala iko kwa Kiingereza na unafupisha kwa Kiswahili, kwa hiyo hakiki vitenzi vyako kimoja kimoja dhidi ya asili.

Kuheshimu cheo. Jaji aliyestaafu au profesa akiandika kwenye jarida, anaandika kama mwandishi. Jina lake linaipa hoja uzito, haliipi nguvu ya kufunga.

Kosa la upande wa pili nalo lipo: kumtilia shaka mwandishi hadi kila kitu kinakuwa "mwandishi anadai." Ukiandika "mwandishi anadai kwamba kazi za nyumbani ni mchango," umeishusha sheria iliyotulia tangu 1983 ikawa maoni ya mtu.

Ukikwama

*Sipati hukumu anayoitaja.* Tafuta kwa namba ya rufaa badala ya majina, maana majina huandikwa kwa namna tofauti. Ukiikosa kabisa, usiipake kijani. Andika: "Kwa mujibu wa mwandishi, Mahakama iliamua…" na uongeze kwamba hukumu haikuonekana.

*Mwandishi anataja hukumu za Mahakama Kuu zinazopingana.* Hiyo ni njano. Taja pande zote mbili, na useme mwandishi anaunga mkono upi. Usichague mshindi kwa niaba ya Mahakama ya Rufani.

*Hoja inategemea nchi nyingine.* Itaje nchi ndani ya sentensi yenyewe. Kenya, kwa mfano, ina Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 na Katiba ya 2010 inayotaja haki sawa za wanandoa katika ibara ya 45(3). Mwandishi anaweza kuitumia ibara hiyo kuunga mkono nusu kwa nusu. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la JOO dhidi ya MBO, ilisema usawa huo haumaanishi kila mmoja apate nusu moja kwa moja. Mchango bado unathibitishwa. Makala ya 2020 haikuweza kulijua hilo. Hapo ndipo zile tarehe mbili za Hatua ya 1 zinapofanya kazi.

*Makala inazungumzia "Tanzania" bila kufafanua.* Sheria ya Ndoa ya 1971 inatumika Tanzania Bara. Kama mteja au swali ni la Zanzibar, andika hivyo mstari wa kwanza wa muhtasari, kabla ya kitu kingine chochote.

*Nimepewa ukurasa mmoja tu.* Kata hoja za pembeni na historia. Sehemu ya sheria ilivyo ibaki nzima, na mapendekezo yabaki mistari mitatu. Ukilazimika kukata zaidi, kata sababu za mwandishi, uache jina la mwenye kauli kwenye kila sentensi.